Mkataba wa ukumbi wa sherehe: "dipoziti" tuiandikeje kwa Kiswahili bila kuzua ugomvi?

#1 Kalamu ya Bati

Wakuu, salaam. Nina mkataba wa ukumbi wa sherehe hapa Dar, kurasa nne, Kiingereza kitupu. Mwenye ukumbi anataka toleo la Kiswahili ambalo wateja ndio watakaolisaini.

Masharti yake kwa kifupi: bei ya ukumbi 3,500,000. Dipoziti ya kushika tarehe 1,000,000, hairudishwi. Dipoziti nyingine ya 500,000 inashikiliwa mpaka ukumbi ukaguliwe baada ya shughuli. Muda ni saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, ukizidisha ni 250,000 kwa kila saa. Kughairi: ukitoa taarifa zaidi ya siku 60 kabla, unakatwa asilimia 20, kati ya siku 60 na 30, asilimia 50, chini ya siku 30, hupati kitu.

Hizo za 1,000,000 na 500,000 zote mbili Kiingereza kimeziita dipoziti. Nimeandika "amana" kote lakini naona inapwaya. Wajuzi mnasemaje?

#2 Mhazini wa Kamati

Andika "advansi", kila mtu anaelewa. Kamati zote za harusi zinasema advansi. Na kwa sheria advansi lazima irudishwe kama huduma haijatolewa, hiyo "hairudishwi" ni maneno ya kutishia watu tu.

#3 Mpangaji wa Tabata

Mimi mwenye nyumba amegoma kunirudishia dipoziti ya miezi mitatu, anasema nimechafua ukuta. Nifanyeje?

#4 Shemeji wa Wote

#3 mkuu hapa ni ukumbi wa harusi, labda uoe kwanza ndipo tukusaidie.

#5 Bi Funguo

Nasimamia ukumbi, nitasema tunavyofanya.

Usiziite fedha hizo mbili jina moja hata kidogo. Ya kwanza ni sehemu ya bei. Mteja akilipa ile milioni, deni lake linashuka hadi 2,500,000. Ya pili haipunguzi deni hata senti, ni fedha yake iliyokaa kwetu kwa ajili ya viti, vitambaa na taa. Ukiandika "amana" kwa zote mbili, siku ya kumalizia mteja anakuja na 2,000,000 akisema alishalipa 1,500,000. Na kwa karatasi uliyompa, ana haki ya kusema hivyo.

Sisi tunaandika "malipo ya kushika tarehe" na "fedha ya dhamana". Risiti pia mbili, kila moja imeandikwa jina lake. Ugomvi mwingi nauona unatoka kwenye risiti kuliko kwenye mkataba: mkataba unasema kitu kimoja, karani anaandika "dipoziti 1,500,000" kwenye risiti moja, basi imekwisha.

#6 Kibarazani

Kutoka Mombasa. Kiswahili kina neno lake la zamani kwa ile ya kwanza: arubuni. Fedha unayotanguliza kushika kitu, ukikinunua inahesabiwa kwenye bei, ukirudi nyuma inabaki kwa mwenye mali. Hiyo ndiyo maana kamili ya mnachotaka, mwaenda kuzunguka ya nini?

#7 Shemeji wa Wote

Arubuni, halafu mteja asome "kurubuni". Ukumbi unaanza kwa kukiri kosa kwenye ukurasa wa kwanza.

#8 Kalamu ya Bati

#7 umenivunja mbavu, lakini hofu yenyewe ni ya kweli. Mteja wa Mbagala ukimwandikia arubuni ataisoma mara mbili na bado atauliza. #6 asante, nitaiweka kwenye akiba.

#9 Mwanasheria wa Mtaani

Naomba nimrekebishe #2 kidogo, na #6 kidogo pia.

#2, hakuna kanuni inayosema fedha iliyotangulizwa lazima irudi kila mara. Inategemea fedha ililipwa kwa kazi gani. Kama ni ya kuonyesha kwamba mteja amekusudia kweli, na mwenye ukumbi kwa sababu yake amewakataa wengine tarehe hiyo, akighairi kwa hiari yake inaweza kubaki kwa mwenye ukumbi, mradi kiasi kiwe cha busara. Kama ni malipo ya awamu tu, hoja ya mwenye ukumbi kuishikilia yote inakuwa dhaifu zaidi.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imefuata kwa karibu ile ya India ya 1872, mpaka namba za vifungu vya 73 na 74 zinafanana. Ndiyo maana mawakili hapa hutaja hukumu za India. Iko moja ya 1969 ya Maula Bux, mzabuni wa viazi, kuku, mayai na samaki kwa jeshi. Aliweka dhamana, akashindwa kupeleka vitu kwa wakati, serikali ikaichukua dhamana yote. Mahakama ya Juu kabisa ya India ikasema ile ilikuwa dhamana ya utekelezaji, haikuwa arubuni, na mtu hawezi kuimeza tu kama hasara yenyewe ingeweza kupimwa na hakuithibitisha.

Sasa uone hatari ya "amana" kote. Ukizipa fedha mbili jina moja, umempa wakili wa mteja nafasi ya kusema hata ile milioni ya kushika tarehe ilikuwa dhamana tu, thibitisheni hasara.

#6, kuhusu arubuni: kwenye fikihi yenyewe si jambo lililokubaliwa na wote. Wahanbali wanaruhusu muuzaji aibakize, wanazuoni walio wengi wanakataa. Kwa hiyo ukiandika arubuni kwa mteja wa Zanzibar au Mombasa anayejua mambo haya, hujafunga mjadala, umeufungua.

#10 Kibarazani

Sawa wakili, hapo nakupa. Lakini neno linabaki zuri.

#11 Mhazini wa Kamati

#9 asante, lakini bado nasema mahakamani watakachoangalia ni haki, sio jina. Ukiiita malipo ya kushika tarehe au ukiiita Juma, kama ukumbi ulipata mteja mwingine tarehe ileile, wamepoteza nini?

#12 Mwanasheria wa Mtaani

#11 hapo umepiga karibu na lengo. Jina halimalizi kesi, ni kweli. Linaonyesha tu wahusika walikusudia nini siku ya kusaini. Na hoja ya kwamba ukumbi umepata mteja mwingine ni nzito. Ndiyo sababu mikataba makini ina sentensi ya ziada: tarehe ikichukuliwa na mteja mwingine kwa bei isiyopungua, mwenye ukumbi atarudisha kiasi fulani. Kwenye mkataba wa mleta uzi sijaiona.

#13 Mtafsiri Mkongwe

Mmenogewa na dipoziti, lakini mleta uzi hajatuambia kitu kikubwa zaidi: pande mbili za mkataba amezipa majina gani?

#14 Kalamu ya Bati

#13 nimeandika "Mkodishaji" kwa mwenye ukumbi na "Mkodi" kwa mteja.

#15 Mtafsiri Mkongwe

Nilihisi. Kisarufi uko sahihi: kukodi ni kuchukua, kukodisha ni kutoa. Mtaani hakuna anayefuata hilo. Bwana harusi anasema "nimekodisha ukumbi" na maana yake amelipa yeye. Sasa msomee sharti hili: "Mkodishaji atawajibika kwa uharibifu wowote." Nusu ya wateja wataelewa kwamba ni wao, nusu wataelewa kwamba ni mwenye ukumbi. Halafu kuna "mkodishwaji", anayeiandika mtu anayetaka kusahihisha, na inazidi kuchanganya.

Zaidi ya hapo, tafuta kila mahali ulipoandika "kodi". Kuna mkataba nimeuona unasema "bei haijumuishi kodi". Mwandishi alikusudia kodi ya ongezeko la thamani. Kwenye 3,500,000, asilimia 18 ni 630,000, bei inakuwa 4,130,000. Mteja alielewa kodi ya ukumbi, akashangaa: bei ya ukumbi isiyojumuisha kodi ya ukumbi ni bei ya nini?

Andika "Mwenye Ukumbi" na "Mteja". Bei iite "bei ya ukumbi". "Kodi" ibaki kwa ajili ya serikali peke yake.

#16 Kalamu ya Bati

Nimebadilisha yote sasa hivi. Imetokea mara 41, na mara mbili nilikuwa nimejichanganya mwenyewe nikawageuza.

#17 Shemeji wa Wote

Mara mbili mwenye ukumbi alikuwa anajilipa fidia mwenyewe. Hao ndio wenye ukumbi tunaowataka.

#18 Bi Funguo

Twende kwenye muda, maana hapo ndipo usiku wa manane tunapogombana na watu wakiwa wamevaa suti.

Mleta uzi ameandika 250,000 kwa kila saa. Kiingereza cha mikataba hii kwa kawaida kinaongeza "au sehemu ya saa". Angalia kama kipo na kama umekitafsiri. Watu wakitoka saa 7:25 usiku, wamezidisha dakika 85. Kwa "kila saa au sehemu ya saa" hizo ni saa mbili, 500,000. Kwa "kila saa inayotimia" ni saa moja, 250,000. Na kuna anayepiga hesabu ya dakika, anapata kama 354,000. Watu watatu, karatasi moja, kila mmoja na jibu lake.

Pia sema muda unaisha kwa tendo gani. Muziki kuzimwa? Mgeni wa mwisho kutoka? Au mpambaji kumaliza kushusha mapambo yake? Mpambaji peke yake anaweza kula saa nzima na nusu baada ya maharusi kuondoka. Sisi tunasema: muziki unazimwa saa 5:45, wageni wawe wametoka saa 6:00, mapambo yaondolewe hadi saa 7:30 bila malipo. Baada ya hapo saa inaanza kuhesabiwa.

#19 Kalamu ya Bati

Kipo, "au sehemu ya saa". Nilikiruka nikidhani ni urembo wa Kiingereza. Kuhusu tendo, mkataba umenyamaza.

#20 Mtafsiri Mkongwe

Kama umenyamaza, usiongeze wewe. Mwandikie mwenye ukumbi maelezo pembeni kwamba sharti lina pengo, aamue yeye na mwanasheria wake. Mtafsiri anayeziba mapengo kimyakimya anakuwa ameandika mkataba.

Kuhusu saa: hakikisha kila saa ina sehemu ya siku iliyoandikwa. Kiingereza kimeandika 12 kwa usiku wa manane. Anayetafsiri kwa haraka anaacha "saa 12 usiku", na kuna mteja atakuja kudai ana haki mpaka kunapambazuka. Andika "saa 6:00 usiku" kisha weka 00:00 kando yake kwenye jedwali la ratiba. Hapo hakuna wa kubisha.

#21 Kibarazani

Na usisahau siku yenyewe. Kwetu pwani mzee akikwambia "usiku wa Jumapili" anaweza kumaanisha ule unaoingia Jumamosi jua likizama. Kijana wa Dar akisema hivyohivyo anamaanisha Jumapili yenyewe ikishaingia giza. Harusi ya Jumamosi inayokwisha saa 6 usiku, mwandikie "usiku wa kuamkia Jumapili" na tarehe zote mbili.

#22 Mhazini wa Kamati

Hili la #21 ni la kweli kabisa. Lakini mimi nina shaka na hayo malipo ya saa za ziada. Sheria ya kazi inasema ovataimu ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Ukumbi wa 3,500,000 kwa saa sita ni kama 583,000 kwa saa. Mbona wao wanatoza 250,000? Au ndio wanatuhurumia?

#23 Mwanasheria wa Mtaani

#22 hapo umechanganya mafaili. Mara moja na nusu ni haki ya mfanyakazi kwa mwajiri wake. Ukumbi si mfanyakazi wako. Bei ya saa ya ziada ni makubaliano tu, wangeweza kuandika 100,000 au 600,000. Ndiyo sababu ningeepuka kuandika "ovataimu" au "saa za ziada za kazi". "Malipo ya kuzidisha muda" inatosha.

#24 Bi Funguo

Na #22, hatuhurumii. Ile bei ya saa sita ndani yake kuna maandalizi tangu asubuhi, usafi, walinzi na maegesho. Saa ya ziada ni umeme, walinzi na wafanyakazi wanaosubiri usafiri.

#25 Kalamu ya Bati

Naomba tuje kwenye uharibifu. Sharti la 9 nimelitafsiri hivi: "Mteja atalipa uharibifu wote utakaosababishwa na wageni wake." Na la 11: "Mwenye Ukumbi hatawajibika kwa uharibifu utakaotokana na kuvunjwa kwa mkataba."

#26 Mtafsiri Mkongwe

La 11 limeanguka. Kiingereza kina "demeji" na kina "demejizi", na hiyo herufi ya mwisho imebadilisha kitu chote. Ya kwanza ni kiti kilichovunjika. Ya pili ni fedha ambayo mahakama inaamuru ulipwe, yaani fidia. Sharti la 11 linasema Mwenye Ukumbi halipi *fidia* mkataba ukivunjwa. Wewe umeandika uharibifu, kwa hiyo mteja anaelewa kwamba hawatamlipia keki ikidondoka. Kumbe anasaini kwamba wakimnyima ukumbi siku ya harusi, hawadaiwi.

#27 Mwanasheria wa Mtaani

Na sharti lenyewe kama liko hivyo ni kali mno, lakini hilo si la mtafsiri. Tafsiri ukali wake wote, usilipake asali.

La 9 nalo liangalie tena. Kiingereza kimesema wageni tu, au kimetaja na wengine?

#28 Kalamu ya Bati

Kimetaja watatu: wageni, mawakala na wakandarasi wake. Nilijumlisha nikaandika wageni.

#29 Bi Funguo

Umemfukuza mwizi mlango wa mbele ukamfungulia wa nyuma. Wageni hawavunji vitu sana. Wanaoharibu ni wapambaji wanaopigilia misumari kwenye dari la jasi, na gundi ya karatasi inayoondoka na rangi ya ukuta. Dijei anachomeka spika zote kwenye soketi moja. Mpishi anaburuta sufuria juu ya vigae. Hao wote mteja ndiye kawaleta, na wote si wageni wake kwa Kiswahili cha kawaida. Ukiwaita "wakandarasi" nao, mteja ataona watu wa kujenga barabara. Andika "wageni wake na watoa huduma aliowaleta, wakiwemo wapambaji, wapishi, mshereheshaji na wapiga muziki".

Na weka "uchakavu wa kawaida" kuwa nje. Kitambaa cha meza kikiwa na doa la mchuzi kinafuliwa, hiyo ni kazi yetu. Kikiwa na tundu la sigara au nta ya mshumaa iliyoganda mpaka kitambaa kimeungua, hicho kimekufa.

#30 Mhazini wa Kamati

Kimekufa, sawa, lakini kinalipwa kwa bei gani? Kitambaa cha miaka minne mnatutoza bei ya kipya.

#31 Bi Funguo

Kwa sababu dukani hawauzi cha miaka minne.

#32 Mwanasheria wa Mtaani

Hapo #30 ana hoja, na #31 pia anayo. Kuna mikataba inayosema "gharama ya kununua kingine", na iliyosema "thamani ya kitu wakati kinaharibika". Kiti kilichonunuliwa 60,000 na kimetumika miaka minne, tofauti inaweza kuwa nusu. Tafsiri lazima ichague ileile ya Kiingereza. Neno "kufidia thamani yake" linaelea katikati, kila upande utalivuta kwake. Ila kama mkataba una orodha ya bei za vitu mwishoni, ugomvi wote huu unapungua sana, kwa sababu mteja amesaini bei.

#33 Bi Funguo

Orodha tunayo, na kuna fomu ya makabidhiano. Inajazwa mara mbili, mchana kabla mpambaji hajaingia na usiku au asubuhi baada ya shughuli, wote wawili wanasaini. Bila ile ya mchana, ya usiku haina maana, kila ufa utakuwa wa jana. Mtafsiri asiiache fomu hiyo kwa Kiingereza. Nimeona mkataba mzima wa Kiswahili na fomu imebaki Kiingereza, na fomu ndiyo inayokata fedha ya mtu.

#34 Mpangaji wa Tabata

Kwa hiyo mimi nilipaswa kujaza fomu kama hiyo na mwenye nyumba nilipoingia?

#35 Bi Funguo

Ndiyo, #34. Na kupiga picha za ukuta.

#36 Mwanasheria wa Mtaani

Sasa tufike kwenye kughairi, maana mleta uzi ana bomu pale na hajaliona.

Kwanza, asilimia 50 ya nini? Ya bei yote au ya kiasi alicholipa? Mteja amelipa 1,000,000, anaghairi siku 40 kabla. Kama ni asilimia 50 ya bei, makato ni 1,750,000. Alicholipa hakitoshi, anadaiwa 750,000 zaidi. Kama ni asilimia 50 ya alicholipa, anarudishiwa 500,000. Kati ya tafsiri hizo mbili kuna pengo la 1,250,000 mfukoni mwa mtu. "Atakatwa asilimia 50" haisemi chochote.

Pili, masharti yanapigana. Dipoziti ya 1,000,000 hairudishwi. Lakini anayeghairi zaidi ya siku 60 kabla anakatwa asilimia 20, ambayo hata ukiihesabu kwenye bei yote ni 700,000. Je, anarudishiwa 300,000 au hapati kitu kwa kuwa dipoziti hairudishwi?

#37 Kalamu ya Bati

Duh. Kiingereza kinasema asilimia ya "gharama ya kukodi", yaani bei yote. Kuhusu huo mgongano, umo kwenye asilia hivyohivyo.

#38 Mtafsiri Mkongwe

Basi uache umo, uuandikie maelezo. Na angalia siku zinavyohesabiwa. "Kati ya siku 60 na 30" na "chini ya siku 30": mwenye taarifa ya siku ya 30 kamili yuko kundi gani? Kiingereza kizuri husema "siku 30 au zaidi lakini zisizozidi 60". Kisha sema zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya shughuli. Nimeona "akighairi ndani ya siku 30 hatarudishiwa kitu" bila maneno "kabla ya shughuli". Mteja akaelewa siku 30 tangu kusaini, kwamba zikipita hizo yuko huru. Maana imepinduka miguu juu.

#39 Kibarazani

Na kitenzi chenyewe. Kughairi, kuahirisha na kuvunja mkataba ni vitu vitatu. Bibi harusi akifiwa, watu hawaghairi, wanaahirisha. Kama mkataba hauna sharti la kuahirisha, wanabebeshwa la kughairi.

#40 Mhazini wa Kamati

Hapo ndipo msiba unapolipiwa asilimia 50. Na ndiyo nasema: ni faini hiyo, na faini anatoza serikali tu. Mtu binafsi hana mamlaka ya kumtoza mtu faini.

#41 Mwanasheria wa Mtaani

#40, nusu ndiyo, nusu hapana. Neno "faini" ni baya kwenye mkataba, tukubaliane. Lakini watu wanaruhusiwa kutaja mapema kiasi kitakacholipwa mmoja akivunja. Kifungu cha 74 kinasema aliyevunjiwa mkataba ana haki ya fidia ya busara isiyozidi kiasi kilichotajwa, hata kama hasara halisi haijathibitishwa. Kwa hiyo ile 1,750,000 inasomwa kama dari. Mahakama inaweza kutoa chini ya hapo, haiwezi kutoa zaidi.

Kenya wako tofauti, wanafuata zaidi kanuni za Uingereza za kutofautisha adhabu na makadirio ya hasara. #6 wa Mombasa asichukue maneno yangu akaenda nayo mahakamani kwao.

#42 Mtafsiri Mkongwe

Wakili, mbona hapo mwanzo ulisema kuhusu Maula Bux kwamba hasara lazima ithibitishwe, na sasa unasema kifungu cha 74 hakihitaji uthibitisho?

#43 Mwanasheria wa Mtaani

Swali zuri, na India wenyewe wamelibishania miaka mingi. Walivyoisoma kwenye ile kesi, uthibitisho unasamehewa pale hasara ilipo ngumu kupimika. Bei ya viazi sokoni inajulikana. Sasa hasara ya ukumbi uliokaa mtupu Jumamosi moja ya Desemba inapimika au haipimiki? Mimi naona inapimika kirahisi, angalia kitabu cha tarehe.

#44 Bi Funguo

Mimi naona haipimiki. Niliowakataa kwa simu hawako kwenye kitabu chochote. Mtu anapiga, nasema tarehe imeshikwa, anakata.

#45 Mhazini wa Kamati

#44 andikeni basi, daftari shilingi ngapi?

#46 Kalamu ya Bati

Nimepata vya kutosha. Nilivyobadilisha: Mwenye Ukumbi na Mteja, malipo ya kushika tarehe na fedha ya dhamana, "kila saa au sehemu ya saa", fidia badala ya uharibifu kwenye la 11, watoa huduma kwenye la 9, asilimia ya bei ya ukumbi kwenye kughairi. Maelezo ya mapengo yako kwenye karatasi tofauti kwa mwenye kazi. Kimebaki kipengele cha mwisho kwamba toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa matoleo yakitofautiana.

#47 Mtafsiri Mkongwe

Na mteja atasaini lipi?

#48 Kalamu ya Bati

La Kiswahili tu. Kiingereza kitabaki ofisini.

#49 Mwanasheria wa Mtaani

Hapo mwambie mwenye ukumbi achague. Huwezi kumfunga mtu kirahisi kwa karatasi ambayo hakuonyeshwa. Ama mteja asaini yote mawili na nakala zote apewe, ama toleo la Kiswahili ndilo lifuatwe.

#50 Shemeji wa Wote

Wakuu, na jenereta je? Umeme ukikatika saa 4 usiku ukarudi saa 5, ile saa moja ya giza tunaongezewa au imekula kwetu?

#51 Bi Funguo

Kwetu jenereta ipo, dizeli lita 40 za kwanza juu yetu, zikizidi ni za mteja. Muda hauongezwi.

#52 Mhazini wa Kamati

Hiyo nayo imeandikwa wapi?